Mayai Mawili kwa Watu Watatu

Baba, mwokaji wa hoteli, ndiye aliyetutengenezea jedwali la keki kwenye kompyuta. Ukiandika idadi ya walaji kwenye kisanduku E1, vipimo vinabadilika vyenyewe. Tangu tumzike hakuna aliyeligusa. Leo Mama akasema tuoke.

Nilifuta nne, nikaandika tatu. Mkono ulikuwa mzito, kana kwamba ni mimi niliyemwondoa. Unga ukashuka kutoka gramu 200 hadi 150. Sukari ilipaswa kuwa 82.5, ikasomeka 85, maana Baba aliikadiria kwa tano tano. Mayai yakabaki mawili.

"Imekosea," kaka akasema. "Kama wanne ni mawili, watatu ni moja na nusu."

"Nusu yai utaivunjaje, bwana mkubwa?" nilimfokea. Nikabofya kisanduku cha mayai aone mwenyewe fomula ya Baba: =ROUNDUP(B3*$E$1/4,0). Kikitokea kipande, yai linahesabiwa zima.

Kaka akavuta kibodi arekebishe. Mama akamshika mkono, akavunja mayai yote mawili bakulini.

"Usiiguse," akasema. "Hiyo nusu iliyozidi ni ya baba yenu."