Mali ya Zamani, Bei ya Zamani

Miezi ile miwili Mama Baridi aliuza mpaka akaogopa. Duka lake la vipuri vya majokofu, ambalo kwa kawaida lilikuwa na wateja wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, sasa lilijaa mafundi tangu asubuhi. Walikuja kwa ajili ya kompresa, ile mashine nyeusi inayokaa mgongoni mwa friji na ndiyo moyo wake. Mia moja na ishirini alizoagiza kiwandani zilikuwa zinatoka kama maandazi ya asubuhi. Mama Baridi alisema ni Mungu. Mungu ana mengi ya kufanya, lakini tumwachie mwenyewe.

Alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Bidhaa ikishapangwa rafuni na kubandikwa karatasi ya bei, bei hiyo haiguswi mpaka iuzwe. Kupandisha bei ya kitu ulichokwisha kukinunua, kwake, kulikuwa ni wizi wa mchana kweupe. "Mali ya zamani, bei ya zamani," alikuwa akisema, na wateja waliitikia kwa furaha, maana nani atakataa?

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Bwana Feni, aliyeuza feni, pasi na vipuri kama vyake. Huyo hakubandika bei popote. Ukimuuliza kitu ni kiasi gani, anatazama kwanza simu kuona dola imeamkaje, ndipo anakujibu. Mama Baridi alimcheka sana. "Mwanamume mzima anauza pasi kama anauza samaki," alisema, "asubuhi bei hii, mchana bei ile!"

Aliyemsumbua ni bintiye, aliyesaidia dukani na aliyerithi kwa mama ulimi na kwa baba hesabu.

"Mama, tulinunua kompresa dola ikiwa elfu mbili," alisema siku moja, kalamu sikioni. "Kila moja ilitufikia kwa dola hamsini, usafiri na ushuru ndani. Laki moja kamili. Tukaweka laki na robo."

"Na hiyo robo si ndiyo faida? Wewe unakula nini hapa?"

"Leo dola ni elfu mbili na mia sita. Kompresa hiyohiyo itatufikia kwa laki moja na thelathini. Tunauza kwa bei ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuinunulia. Bei si ya ile uliyouza, Mama. Ni ya ile utakayoinunua kesho."

"Hizi zilizopo nilizinunua kwa laki, mwanangu. Nitamtazamaje fundi usoni nimwambie imepanda, na yeye aliiona hapohapo wiki iliyopita?"

"Mtazame tu. Hutakufa."

Mama Baridi alicheka, akamwambia akapanguse vumbi.

Juma lile akaja Fundi Kipara, mteja wake wa miaka kumi, mtu ambaye huwa ananunua kompresa moja na kuomba soda juu. Safari hii alitaka zote kumi na nne zilizobaki, na alilipa taslimu. Mama Baridi akampunguzia elfu tano kwa kila moja, kwa kuwa mteja wa jumla ni mfalme. Fundi alipokea punguzo akitazama sakafu. Hata soda hakuomba.

Rafu ikawa tupu, na rafu tupu ni jambo la heri kwa mwuzaji aliye na kingine cha kupanga. Asubuhi yake akampigia wakala wa kiwanda. Bei ya kule haikuwa imepanda hata senti moja, wakala alimwambia kwa bashasha, kwa dola ni ileile. Mama Baridi akamtazama bintiye kwa jicho la nilikwambia. Kisha akahesabu alichokuwa nacho. Baada ya kodi ya chumba, chakula, ada na umeme, vyote vilivyotoka kwenye ile aliyoiita faida, zilibaki milioni kumi na mbili.

Binti aligawanya, akarudia tena kwa kutoamini.

"Tisini na mbili, Mama."

"Tisini na mbili nini?"

"Kompresa. Tuliuza mia na ishirini, tunaweza kurudisha tisini na mbili."

Hilo lingemezeka. Lakini kiwanda hakikupokea oda ya chini ya mia, na Mama Baridi alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Alimsihi wakala kwa muda mrefu, akataja miaka waliyofanya kazi pamoja. Wakala akasikitika kwa adabu na kusema si yeye, ni kiwanda. Walilala na tisini na mbili, na walipofika kwenye duka la kubadilisha fedha kesho yake ubao ulisema elfu mbili na mia sita hamsini. Tisini. Usiku mmoja ulikuwa umekula mbili, na hakuna aliyeuza wala kununua chochote. Mama Baridi alisimama mbele ya ubao ule. Alitaka kugombana na mtu, na hakukuwa na mtu.

Mtu akapatikana. Fundi Kipara alimkuta njiani, akakiri kabla hajaulizwa.

"Mama, nisamehe. Mimi na wenzangu tulikuwa tunatumwa. Pesa si zetu. Ni za Bwana Feni."

Mama Baridi alivuka barabara bila kutazama magari. Aliyakuta maboksi yake yamepangwa hadi darini, na Bwana Feni ameketi mbele yake anakunywa chai.

"Umeninunua duka zima, jirani!"

"Ulibandika bei, dada. Nikalipa bei uliyobandika. Kuna unachonidai?"

Kilichomuuma Mama Baridi ni kwamba mtu yule hakuwa ameiba. Kompresa aliyoitoa kwake kwa laki na ishirini sasa aliiuza laki na sabini, na wanunuzi walikuwepo.

"Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua.

Bwana Feni akamsogezea kiti. Hakumcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema wachanganye pesa, oda iende kwa jina lake yeye, na kompresa za Mama Baridi zipangwe dukani kwa Mama Baridi. Ila bei aweke yeye Bwana Feni, kila asubuhi, kwani hawezi kutia mamilioni yake halafu jirani akayabandikie karatasi. Mama Baridi alisema atafikiri. Hakuwa na cha kufikiri, wote wawili walijua.

Oda ikisubiriwa, maboksi ya kwanza yakavushwa kutoka kwa Bwana Feni siku ileile, rafu ikapata kitu. Binti aliyapanga, safari hii bila karatasi ya bei. Kesho yake saa nne asubuhi akaingia fundi mzee kutoka mtaa wa pili, ambaye hakuwa na habari ya lolote.

"Mama Baridi, afadhali wewe. Kompresa ni kiasi gani?"

Alifungua mdomo. Miaka yote mdomo ule ulijibu kabla swali halijaisha. Akatazama rafu, akamtazama bintiye aliyeinamisha kichwa, kisha akachukua khanga yake begani.

"Subiri kidogo, baba," alisema. "Ngoja nikamuulize mwenyewe."