Picha Ipi Safi?

Vrr. Vrr. Simu ilitetemeka gizani juu ya sahani ya bati, na mama akainyaka kabla haijamwamsha binti yake. Bosi alikuwa ameandika: "Watazamaji wamechagua picha namba mbili. Mchana tunafunga kazi, simu yetu itoe sura kama hiyo."

Usingizi ukamruka.

Kazi yake ilikuwa kurekebisha rangi za kamera kwenye kampuni ya simu, na sura iliyopigiwa kura ilikuwa yake mwenyewe. Alikaa kiti kimoja, chini ya taa moja, akapigwa picha na simu tatu: namba moja na mbili za washindani, namba tatu ya kampuni yao. Asubuhi ile yaya hakutokea. Akaingia kazini mtoto kiunoni, hasira kooni.

"Bosi, uliwauliza nini hao watu?"

"Picha ipi safi. Wengi wape, dada yangu."

"Safi! Hata sakafu ni safi. Waliona picha haina chembechembe kama za vumbi, wakakujibu ulichouliza." Akazifungua picha zote tatu kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. "Namba moja imekoleza rangi mpaka pazia la kijani linapiga kelele, nami nimegeuka chungwa. Hii namba mbili unayoitaka imedhani wekundu wa ngozi yangu umetoka kwenye taa, ikaupoza. Nimebaki majivu. Ikanimwagia mwanga usoni. Ilipofuta chembechembe ikafuta na kovu langu, halafu ikaona nimekuwa laini kama sabuni, ikanoa kingo za uso na nywele. Huu uzi mweupe unaozunguka nywele, nani alinisuka?"

"Hiyo mitindo ya mjini," fundi wa programu akachekea kikombeni.

"Na wewe kunywa chai yako." Hakumtazama. "Mwanga uleule, kiti kilekile. Vilivyoingia jikoni ni vilevile. Wapishi ndio mbalimbali. Na mimi sikubali kupikwa hivi, halafu wenzangu wote wenye ngozi kama yangu wapikwe hivyohivyo."

"Watu wanapenda kung'aa, mama," bosi akasema.

"Kung'aa si kuchujuka. Mafuta yanang'arisha. Dawa ya madoa inachujua."

Bosi akashusha pumzi. "Swali lako lingekuwa lipi?"

"Yupi ndiye mimi."

"Haya. Tumuulize asiyejua simu inauzwaje. Akikutambua kwenye yetu, nafungua kazi upya." Akainama, sauti ina utani bado. "Bibi mdogo, mama yako yuko wapi hapo?"

Mtoto akashuka kiunoni. Akaipita namba moja kama mlango wa jirani. Kwenye ya tatu akagusa kovu chini ya jicho, palepale anapoligusa kila siku akinyonya, akatabasamu. Kisha akarudi kwenye namba mbili, akaweka kiganja chake juu ya lile paji la uso la kijivu, kama anavyowekewa yeye akichemka homa.

"Huyu mama anaumwa."