Harage la Mwenyekiti

Mikono iliponyooshwa, karibu kijiji kizima cha ujamaa kilitaka mjane Ildefonsa aache migomba yake na kuhamia kwenye safu ya nyumba mpya. Mwenyekiti Pancras, shemeji yake, alinyoosha pia, kwani bwana tarafa alikuwa anatazama.

Ildefonsa alidai kura ya siri, itakayofuta ile ya mikono. Chungu kikapitishwa, kila mtu akitia punje aliyotoka nayo nyumbani: harage abaki, hindi ahame. Kura zikatoka sawasawa.

"Kura ya turufu, ya kuamua, ni yako, Mwenyekiti," alisema bwana tarafa. "Na hiyo hutamkwa mbele ya wote."

Pancras alimtazama bwana tarafa. "Ahame."

Ildefonsa aliokota chunguni harage moja lenye madoa, mbegu aliyompa Pancras peke yake.

"Shemeji," alisema taratibu, "hili nalijua."

Pancras alishindwa kuinua uso.