Treni Isiyosimama kwa Fathiya

Ofisi ya Borafya iko mtaa wa Mkunazini, chini ya nyumba ambayo ghorofa yake imeshaanza kuinamia njia kama mlevi. Ndani hufukizwa udi wa bei. Nje ya kizingiti mfereji umeziba. Upepo ukigeuka, harufu hizo mbili huoana. Bi Zuleikha alikuwa amekaa karibu na mlango, ncha ya mtandio imeziba pua kabla mtu hajasema neno.

Yeye na majirani walikuwa wamekuja kwa ajili ya Fathiya. Mtoto ana miaka tisa, moyo wake una tundu, na akipanda ngazi midomo humgeuka zambarau. Wamepatikana madaktari wa kujitolea watakaopasua watoto bure kwa wiki moja tu, katika hospitali ya mji mdogo Kusini mwa Bara Hindi, mji unaofikiwa kwa treni kutoka Chennai. Jumatano ndiyo siku ya kupimwa na kuandikishwa. Dirisha linafungwa saa kumi za jioni. Asiyefika, nafasi yake anapewa mtoto mwengine, na foleni ya watoto haijapata kwisha duniani. Ndege itamshusha Chennai, yeye na mama yake, Jumanne usiku. Kilichobaki ni treni ya asubuhi yake.

Kamati ya mtaa ilichangisha nauli, na kamati ikamchagua Borafya, wakala wa kusafirisha wagonjwa. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Himid, alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi inakata, na kofia ya kiua, kana kwamba anayesafiri ni yeye.

Borafya aligeuza simu yake wote waione. Treni nyeupe, pua imechongoka, vioo vyeusi.

"Vande Bharat," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mchumba. "Treni ya fahari ya India nzima. Kiyoyozi, chakula unaletewa kwenye kiti. Mgonjwa wetu atakwenda kama waziri."

"Haya ndiyo mambo," alisema Mzee Himid. "Waliochanga nao wapate picha ya kuiona, wajue pesa zao hazikutupwa."

Radhiya, mama wa mtoto, alitikisa kichwa kukubali. Tangu kamati ianze kumchangia, alikuwa hajui tena kutikisa kichwa kwa namna nyengine.

"Nambari yake?" aliuliza Bi Zuleikha.

"Nambari ya nini, Bi? Jina si hilo umelisikia?"

"Jina nimelisikia. Nnataka nambari."

Bi Zuleikha alikuwa muuguzi kabla hajastaafu, na kwa miaka mingi alikuwa akisindikiza wagonjwa India. Treni zake hakuzisoma kitabuni. Alizisoma kwa kulala juu ya mizigo stesheni. Borafya alilijua hilo vizuri, ndiyo maana aliitaja nambari huku akiangalia pembeni.

"Inaanza mbili, sifuri."

"Zinazoanza mbili sifuri, moja mbili, mbili mbili, hizo zote treni za mbio," alisema Bi Zuleikha. "Sasa nambie. Hizo mbio inazipata wapi?"

"Kwenye injini, Bi. Ya umeme."

Machano, mjumbe wa kamati mwenye duka la vipuri vya pikipiki, aliangua kicheko. "Bi Zuleikha leo fundi makenika."

"Cheka, mwanangu. Injini ni nusu ya habari. Nusu nyengine ni kuwa haisimami. Mji mkubwa inasimama, miji midogo inaipita inavuma. Kila kituo unachokiruka ndiyo mbio zako hizo, na ndicho unacholipia. Nyinyi mmezoea boti. Boti ya ghali na boti ya rahisi zote zinakuteremsha gati moja, ya ghali inatangulia tu. Treni siyo boti. Treni ya ghali inaweza kuupita mji wako, wewe umekaa kwenye kiyoyozi unauangalia dirishani."

Nje mtu aliburuta mkokoteni, maji ya mfereji yakaruka.

"Itapita hapo hapo," alisema Borafya. "Reli ni hiyo hiyo moja."

"Inapita, sikatai. Inasimama?"

"Ah, Bi, mambo madogo hayo."

"Tiketi ulishaikata. Tusomee kituo cha kushukia."

Borafya alijikohoza. Mzee Himid mwenyewe ndiye aliyechukua simu, akavaa miwani, akasoma polepole. Lilikuwa jina la mji mkubwa, mbele kabisa ya ule wa hospitali.

"Hakuuziwa tiketi ya mji wa hospitali kwa sababu haiuzwi," alisema Bi Zuleikha. "Pale treni isiposimama, hawakukatii. Borafya anayajua hayo. Mtoto atafika huko mbele adhuhuri. Halafu arudi nyuma kwa pasenja, zile ambazo nambari inaanza tano au sita, zinazosimama kila kituo na kila kichaka, kiti hakina jina lako. Au gari ya kukodi, njia imejaa malori. Magharibi ndiyo atafika hospitali, akute dirisha limefungwa na anayefagia kashamaliza."

"Gari ya kukodi nlikuwa nshaipanga," alidakia Borafya. "Kuna mtu wangu kule."

"Bila shaka. Una mtu wako kila mahali."

Bi Zuleikha aliona kinyaa. Si kwa Borafya peke yake. Fisi halaumiwi kwa kupenda mifupa. Kilikuwa kwa wanakamati waliokaa mbele yake. Wote walimjua marehemu Ame Khatib wa Tumbatu, aliyekuwa akisafishwa figo, aliyepandishwa na Borafya huyu huyu treni ya jina kubwa, akateremshwa usiku mji asioujua, zamu yake ya kusafishwa akaikosa. Maiti yake ilirudishwa kwa michango. Mzee Himid ndiye aliyesimama kutoa shukrani matangani, na Borafya alitajwa kwa jina, akaombewa dua. Wakasahau. Watu wa kisiwa hiki hata reli yao ya zamani, ya Bububu, waliisahau, ikang'olewa, lililobaki ni jina. Watamkumbuka Ame?

"Basi hakuna neno," alisema Borafya, akipapasa simu. "Iko nyengine. Inasimama mji ule ule wa hospitali, asubuhi vilevile. Speshali. Ghali kidogo, lakini speshali."

"Nambari?"

Machano akamchungulia Borafya begani. "Inaanza sifuri," Machano alisema.

"Sifuri ni treni ya kupachika," alisema Bi Zuleikha. "Wanaziongeza watu wakizidi, sikukuu na likizo, na nauli wanaipandisha. Haina njia yake. Inapenyezwa baina ya nyengine. Zikikutana, mara nyingi ya sifuri ndiyo inayowekwa pembeni wenziwe wapite. Nshawahi kukaa ndani yake na mgonjwa wa saratani, tumesimama katikati ya mashamba ya mpunga, hakuna anayejua tunangoja nini. Speshali hiyo si heshima, mwanangu. Ni kiraka."

"Sasa wewe kila kitu hukitaki," alisema Mzee Himid. "Unataka nini?"

"Inayoanza moja sita. Express tupu, bila ya neno jengine. Haimo kwenye za mbio, kwa hivyo haitozi ule ushuru wa mbio. Inasimama miji midogo, wa hospitali umo. Inaondoka alfajiri, kabla ya adhuhuri umefika."

"Na joto je?" aliuliza Borafya. "Mtoto wa moyo, umtie kwenye joto pamoja na wakulima na makuku?"

"Kiyoyozi ni cha behewa, si cha jina la treni. Hiyo hiyo moja sita ina behewa la daraja la tatu, lina kiyoyozi na kitanda. Hiyo yako nyeupe ina viti tu. Mtoto akizidiwa, utamlaza wapi? Mapajani kwa waziri?"

Machano alicheka tena, kisha akaona mwenyekiti hacheki, akafunga mdomo.

Mzee Himid alivua miwani akaifuta kwa kanzu. "Bi Zuleikha, hatukatai, una uzoefu. Lakini watu wamechanga. Walishaambiwa treni ya kisasa. Leo tuwaambie tumempeleka mtoto kwa treni ya makabwela? Watasema pesa zimeliwa."

"Zimeliwa kweli," alisema Bi Zuleikha. "Nauli ikipanda, fungu la Borafya linapanda nayo. Muulize."

"Tusivunjiane heshima."

"Ame Khatib alivunjiwa nini?"

Mmoja aliangalia feni, mwengine vidole vyake. Mwenyekiti akasema kamati ina utaratibu, na kamati imeshaamua. Tiketi ibaki ile ile, na gari ya Borafya iwangoje huko. Mikono ikanyanyuliwa. Ule wa Machano ulinyanyuka mwisho, lakini ulinyanyuka. Borafya akaongeza udi, akaleta maji ya chupa ya baridi, na watu wakanywa kama waliotoka kulima.

Bi Zuleikha alitoka, akatema mferejini. Hakufika kona, Radhiya akamfuata, kanga imemteleza begani.

"Bi Zuleikha. Hiyo moja sita. Inasimama kweli?"

"Dakika mbili. Shuka na mtoto kwanza, mizigo ipokewe nyuma."

"Wakijua nimewakaidi, hawatanichangia tena."

"Hawatakuchangia," alisema Bi Zuleikha, maana hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa. "Mimi siwezi kukwambia watakupenda. Nnakwambia treni itasimama."

Radhiya aliangalia nyuma, kwenye mlango wa ofisi, kunakotoka kicheko na harufu ya udi. Halafu akavua bangili yake moja, ya dhahabu nyembamba, ya harusi. Bi Zuleikha akaufumba mkono wa Radhiya juu ya bangili, akaurudisha.

"Vaa. Ndiyo uzuri wa treni ya makabwela, haitaki dhahabu."

Siku ile ile alimpigia Selvam, mkalimani wa Chennai aliyefanya naye kazi wodini, na Selvam akakata vitanda viwili vya daraja la tatu. Radhiya hakumwambia mtu. Alisafiri na tiketi mbili: ya kamati mkobani, na ya Selvam kwenye simu.

Jumatano, kisiwani jua likiwa bado halijakolea, simu ya Bi Zuleikha ililia. Sauti ya Radhiya ilikuwa inahema.

"Tumeshuka, Bi. Kituo kidogo, kuna mbuzi juu ya jukwaa. Fathiya alilala njia nzima. Saa hii tuko dirishani hospitali, wameshamwandika. Kamati nimewapelekea ujumbe kuwa tumefika, basi."

"Alhamdulillahi. Midomo yake?"

"Ya kawaida. Anaomba chai." Radhiya akamwagizia, akarudi kwenye simu. "Treni nyeupe ilitupita njiani, tumewekwa pembeni tunaingojea. Haikupunguza hata mwendo. Fathiya akaipungia mkono."

Alasiri Bi Zuleikha alipita kwenye baraza ya mtaa. Mzee Himid alikuwa amekaa katikati, kofia imenyooka, simu inazunguka mkono kwa mkono. Kwenye kioo, treni nyeupe yenye pua iliyochongoka, picha ile ile ya Borafya, na chini yake kamati imeandika kuwa mgonjwa wetu amefika salama kwa usafiri wa kisasa, tunawashukuru waliochanga, na shukrani za pekee kwa wakala wetu mwaminifu.

"Unaona, Bi Zuleikha?" alisema Mzee Himid, kwa upole wa mtu aliyesamehe. "Tulikwambia atafika."

Machano, aliyekaa pembeni, aliinua macho, akamwangalia Bi Zuleikha, akayashusha. Yeye alijua. Mkewe ni nduguye Radhiya.

Bi Zuleikha alizitazama zile nyuso zilizoridhika, moja moja, kama alivyozoea kutazama vidonda kabla ya kuvifunga. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini mtoto alikuwa bado hajapasuliwa, na mama yake bado atarudi kuishi mtaa huu, na watu hawa.

Aliyameza. Yalikuwa na ladha ya udi na mfereji.

"Atapasuliwa Ijumaa," alisema. "Mwombeeni dua. Na kwenye dua hiyo mkumbukeni na Ame."

Akaendelea na njia yake, mtandio puani.