Shikamoo, Draya Bado Ipo?

Draya yangu ilikufa mchana kweupe, kichwa cha mteja kikiwa ndani yake. Iliguna, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza. Mteja akatoka chini ya kofia na rola zake mbichi, akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, umeme tu huo. Uongo huo uliishi mpaka fundi alipokuja, akafungua kofia, akachungulia ndani na kutikisa kichwa. Koili imekwisha, akasema, na ya kubadilisha haipatikani mpaka wiki ijayo.

Wiki ijayo! Kesho yake asubuhi nilikuwa na bibi harusi, bibi harusi wangu wa kwanza tangu nifungue saluni, yeye na wapambe wake, na wote walitaka nywele za rola. Asiyeijua kazi yetu atasema si utumie draya ya mkono. Jamani! Rola zinataka mtu akae, kichwa kiingie ndani ya kofia, hewa ya moto izunguke pande zote taratibu mpaka nywele zikauke zikiwa zimejikunja. Ukizipulizia kwa mkono unazivuruga, na zile zilizobaki mbichi katikati zinaanguka kabla keki haijakatwa. Bibi harusi akikufia hivyo mikononi, saluni nayo umeizika, na mama yake ndiye atakayepeleka habari za msiba mji mzima.

Nikaingia mtandaoni, kwenye kundi la kuuza na kununua vitu vilivyotumika. Kila niliyemkuta anauza draya nilimwandikia neno moja: "Ipo?" Ya nini kujichosha? Wa kwanza alisoma, zile alama mbili zikageuka bluu, akanyamaza. Wa pili akajibu, "Soma tangazo." Wa tatu akauliza, "Ipo nini?" maana alikuwa anauza draya, friji na kitanda kwa pamoja, na nilipoanza kumfokea akanifungia nisimpate tena.

"Umewaandikia nini watu hao?" akauliza shangazi.

Shangazi yangu ni dada mkubwa wa baba. Alipokea simu za ofisi moja kubwa mpaka akastaafu, na tangu astaafu huja saluni kwangu kila siku, akakalia kiti cha wateja na kusahihisha watu. Nikampa simu. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Hivi wewe ukienda nyumbani kwa mtu, unasukuma mlango tu unasema 'ipo'?"

"Shangazi, hii ni biashara. Watu hawana muda."

"Ndiyo maana huna draya."

Hasira zikanipanda. Nikaanza kufagia nywele ambazo nilikwisha kuzifagia. Shangazi hakunijali. Alikuwa anashusha matangazo kwa kidole kimoja, midomo ikicheza, hadi akafika kwenye moja lililowekwa siku ileile: draya ya saluni, ya kusimama, haijatumika sana. Picha ya muuzaji ilikuwa ya mzee mwenye ndevu nyeupe, koti na tai, anayetazama kamera kama anayeidai kodi.

Uso wa shangazi ukachanua. "Huyu ni mkubwa wangu!"

"Mwandikie 'mambo vipi', basi, tuendelee."

"Mambo! Kwa mtu mwenye ndevu hizi? Una wazimu, mtoto wewe." Kisha akashusha sauti. "Unajua mara ya mwisho nilimwamkia mtu lini? Hata mimi sikumbuki. Wakubwa zangu wote tumeshawazika. Kila ninayekutana naye ananiwahi yeye. Kazi yangu ni kuitikia tu, marahaba, marahaba, kutwa nzima."

Alikuwa anacheka, lakini nilimwonea huruma kwelikweli. Nikaweka fagio chini, nikamwacha aandike. Aliandika kwa muda ambao ungetosha kusuka kichwa kizima, mimi nikizunguka viti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe akanisomea:

"Shikamoo. Natumaini wa nyumbani hawajambo. Samahani kwa kukusumbua mchana huu. Nimeliona tangazo lako la draya ya saluni, nami naomba kujua, je, draya bado ipo? Kama ipo, ningependa kuja kuiona leo, ukiniruhusu. Ahsante sana."

"Shangazi, hiyo ni barua ya posa."

"Tuma."

Nikatuma. Alama mbili. Zikageuka bluu. Juu pakaandikwa kwamba anaandika, halafu pakafutika, halafu anaandika tena. Shangazi alinishika mkono akaubana. Hata mteja wangu wa rola mbichi alikuja kuchungulia, taulo mabegani. Jibu likaingia.

"Marahaba, binti yangu. Huku hatujambo. Draya ipo. Nakuwekea wewe, simpi mwingine. Njoo tu." Chini yake ramani ya nyumba.

Shangazi alipiga kigelegele kilichomshtua fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara. "Binti yangu! Umesoma? Ameniita binti!" Akanishika kiuno, tukacheza kati ya viti, na mteja akacheza nasi, rola zikimdondoka moja moja. Ndani ya teksi shangazi alijipaka poda mara mbili. Nilipomtazama, akasema huendi kwa mkubwa wako na uso unaong'aa mafuta.

Tulipofika, mlango ulikuwa wazi. Draya ilisimama katikati ya sebule kwenye magurudumu yake, nyeupe, safi, kofia imeinuliwa. Moyo wangu ukairukia. Kisha nikaona mkono uliokuwa umeishika nguzo. Ulikuwa wa mama mmoja mwenye miwani ya jua, namfahamu vizuri, mwenye saluni ya ghorofani kwenye jengo la vioo, na mkono wake wa pili ulikuwa na pesa.

"Nimesema naongeza juu ya bei uliyoandika," alikuwa anamwambia kijana aliyesimama mbele yake. "Unangoja nini?"

Kijana mwenyewe ndevu hana hata ya dawa, amevaa fulana na kandambili. "Nimemwahidi mtu, mama," akasema, lakini macho yake yalikuwa kwenye pesa.

Nilitaka kuingia kwa makelele. Shangazi akanivuta blauzi kwa nyuma, akapita mbele. "Hodi wenyewe. Tumekuja kwa mzee. Yuko ndani?"

"Mzee yupi?"

Nikamwonyesha simu. Kijana akaitazama picha, akamtazama shangazi, mvi zake, miwani yake, poda yake, na rangi ikamtoka usoni. "Huyo ni babu," akasema. "Alishafariki."

"Mungu amrehemu," akasema shangazi. "Sasa nani aliyeitikia shikamoo yangu?"

Kijana akainua kidole polepole kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kioo.

Nikaangua kicheko. Nilijaribu kukimeza, kikatokea puani. Kijana alianza kujitetea kwa kasi. Draya ni ya dada yake aliyehama, akamwachia aiuze. Akiweka picha yake mwenyewe watu wanamwona tapeli, ila babu anaaminika. Na ile namba iliyomwandikia ilikuwa na picha yangu mimi, akadhani anaamkiwa na msichana. "Na tangu nizaliwe sijawahi kuamkiwa na mtu, mama," akasema karibu kulia. "Mimi ndiye kitinda mimba. Niliandika 'mambo', nikafuta. Nikaona niitikie japo mara moja tu nisikie inavyokuwa."

"Ikawaje?" akauliza shangazi.

"Tamu."

Nilidhani shangazi atamchapa kibao. Pua ilikuwa inamcheza, nami ninamjua: hapo hujui ungoje kicheko au radi.

"Haya yenu nyinyi," akasema mama wa miwani ya jua. "Mimi ndiye niliyetangulia kumwandikia. Asubuhi. Nilimuuliza 'ipo?'"

"Akakujibu nini?"

"Akajibu 'ipo', na ramani ya nyumba."

"Ukamwambia nini?"

Mama wa miwani akaanza kuzihesabu pesa zake upya.

"Hakuniambia kitu tena," kijana akasema. "Nilingoja. Wengi hufanya hivyo. Wanauliza ipo, unawaambia ipo, wanatoweka."

"Basi swali lako lilijibiwa, dada yangu," shangazi akamwambia kwa upole wa ofisini. "Shauri lako limekwisha." Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe chagua. Kama marahaba ile umeila, wewe ni baba yangu, na baba akishamwekea mwanawe kitu hakiuzi. Kama unaitapika, basi mimi ni mama yako, na mwana hamvunjii mama yake ahadi. Uko upande gani?"

Kijana alizitazama pesa zilizoongezwa. Akameza mate. Nami nilimwona bibi harusi wangu, na mama yake, na saluni yangu ikiwa imefungwa kufuli, vyote vikining'inia kwenye koo la mvulana yule. Nikaanza kusali, mimi ambaye husali tu nywele za mteja zinapokatika.

"Pande zote mbili draya ni yako, mama," akasema.

"Nilijua una akili," akasema shangazi. Mama wa miwani ya jua alirudisha pesa kwenye mkoba, akaondoka bila kuaga, na hilo halikumshangaza mtu.

Sikulipa kabla ya kujaribu, mimi si mjinga. Tukachomeka, nikawasha, ikavuma. Shangazi akakaa, akaingiza kichwa. "Ina moto!" akapiga kelele kwa sababu mle ndani hujisikii. "Moto mzuri! Pande zote!" Nikalipa bei ileile ya kwenye tangazo, bila kupunguza, maana kuomba punguzo baada ya kesi ile kungekuwa wizi. Kijana akafungua skrubu, akatenganisha kofia na nguzo, akabeba vyote mwenyewe hadi kwenye teksi, akavilaza juu ya kiti cha nyuma na kuvifunika shuka.

Kisha akaja kwenye mlango wa teksi, kwa shangazi, akainama, mikono miwili mbele. "Shikamoo, mama."

Shangazi alimtazama. Kile kicheko alichokuwa amekibana tangu sebuleni kikamponyoka, akacheka mpaka poda ikafanya mifereji mashavuni, akamshika kijana kichwa.

"Marahaba, baba," akasema. "Marahaba, baba yangu."

Kesho yake bibi harusi alikaa chini ya kofia ile na akatoka na mawimbi yaliyokauka hadi ndani. Nilizifungua rola, nikapitisha vidole kwenye nywele, hazikuanguka, na nikapiga kelele peke yangu kama niliyeshinda mpira. Mama yake alimzunguka mara mbili akitafuta kasoro, akaikosa. Mwishowe akaigusa draya. Akaniuliza nzuri hivi nimeitoa wapi.

"Kwa baba yake shangazi," nikamwambia.

Akageuka akamtazama shangazi kwenye kiti chake, na mvi zake zote, akahesabu miaka kimoyomoyo. "Mashallah," akasema. "Bado yupo?"