Ndoo ya Pili Kutoka Kushoto

Msimamizi wa usafi wa hospitali ile alikuwa bingwa wa kubana matumizi, na alijijua. Siku alipoambiwa awafundishe wasafishaji mpango mpya wa ndoo, kila rangi na mahali pake, mhasibu alikuwa ametoka kulalamika kikaoni kwamba printa ya ofisi inakunywa wino kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Slaidi za somo zilikuwa kumi na nane, zote za rangi, zimepambwa zikapambika. Msimamizi akakaa mbele ya kompyuta, akachagua kuchapa vitini, slaidi tisa kwa ukurasa, pande mbili za karatasi, rangi ya kijivu tu. Kisha, kwa kuwa mkono ulishazoea, akaweka alama pale penye kuokoa wino.

Somo zima likaingia kwenye karatasi moja. Mhasibu aliipunga hewani kikaoni, bosi akamsifu mbele za watu, na yeye akainama kidogo kama asiyetaka sifa, naye alikuwa anazitaka mno. Hakuitazama tena ile karatasi. Angeitazama ya nini, na somo alilitunga mwenyewe?

Zamu ya mchana aliifundisha kwa projekta, ukutani, ndoo zikionekana kijani, nyekundu, buluu na njano kama zilivyo. Zamu ya usiku haikukusanyika. Wakitoka kazini wanakwenda kulala, na nani wa kuwalaumu? Hao aliwagawia vitini tu. Wasome nyumbani, wiki ijayo mtihani.

Katika zamu ya usiku alikuwamo Mama Mdogo wake, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Magoti ya Mama Mdogo yalikuwa yameshachoka na ngazi za hospitali. Akifaulu mtihani angekuwa kiongozi wa zamu, na kiongozi hapandi ngazi na ndoo. Anakaa ghorofa ya chini na kugawa vifaa. Asipofaulu, ni ngazi zile zile mpaka magoti yakatae kabisa. Bosi alishasema hivyo wazi.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili msimamizi hakupenda kulikumbuka. Wiki ya kwanza ya cheo chake alimvuta mama huyo kando, karibu na stoo, akamwambia, "Mama Mdogo, hapa kazini usiniite mwanangu. Niite Mwalimu kama wenzako. Watu wasije wakasema nakubeba."

"Sawa, Mwalimu," alijibu Mama Mdogo papo hapo. Tangu siku ile hakuteleza hata mara moja.

Siku ya mtihani, msimamizi alipanga ndoo nne halisi sakafuni, bila kujali mpangilio, akawaita wa zamu ya usiku mmoja mmoja. Swali la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote: ndoo ya vyooni ni ipi?

Aliyeingia kwanza akahesabu kwa kidole hewani, akaonyesha ndoo ya kijani. Kijani ni ya jikoni. Msimamizi akaguna. Wa pili naye, kijani. Wa tatu, kijani. Maji ya vyooni yapelekwe kwenye masufuria ya wagonjwa! Damu ikampanda kichwani.

Akaingia Mama Mdogo, kanga imefungwa vizuri kiunoni, uso wa mtu aliyesoma akaiva. Hakusita. Alitazama kutoka kushoto, moja, mbili, akaonyesha.

"Hii hapa, Mwalimu."

Kijani.

Msimamizi akafungua mlango na kuwaita wote ndani. "Nyinyi mmeambiana huko nje," alisema. "Watu wanne hawawezi kukosea kosa lile lile. Mmoja kakosea, wengine mmemfuata kama kondoo. Kitini niliwapa, wiki nzima mmekaa nacho! Mlikifungia vitumbua?" Akamgeukia Mama Mdogo, kwa sababu ndiye aliyemwuma zaidi. "Na wewe, mtu mzima, ndiye wa kutoa mfano. Hata kusoma karatasi moja imekushinda?"

Mama Mdogo alitazama sakafu.

"Macho yangu siku hizi, Mwalimu," alisema. "Nisamehe."

Walipotoka, msimamizi aliona kitini kimesahaulika juu ya kiti. Alikichukua ili ampelekee bosi, kiwe ushahidi kwamba watu hawasomi. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imelainika. Aliigeuza kutafuta slaidi ya ndoo, akaisogeza karibu, kisha karibu zaidi.

Picha ilikuwa ndogo kama stempu. Ndani yake ndoo tatu zilikuwa za kijivu kile kile, nyekundu na kijani na buluu zote zimekuwa ndugu wa tumbo moja. Ya njano ilififia hadi mtu angedhani ni doa. Maandishi yaliyokuwa na rangi ya njano kwenye kichwa cha slaidi hayakuwapo kabisa. Na jina la rangi hakuliandika popote. Aliona haina haja, rangi si zinaonekana? Chini ya ndoo kulisomeka tu, kwa taabu, *jikoni*, *vyooni*, *wodini*. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa za kutetemeka alizozijua tangu barua za shule ya bweni: *vyooni, ya pili kutoka kushoto*.

Hawakuambiana. Walisoma. Karatasi yake haikuwapa kitu kingine cha kushika isipokuwa nafasi, wakaikariri nafasi.

Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka. Alimfokea mwanamke aliyemsomesha, kwa kosa alilolichapa mwenyewe akapigiwa makofi. Nyani haoni kundule, na yeye alikuwa amekalia lake. Aliwaza pia, na tuseme kweli, kwamba hakuna aliyejua. Karatasi angeichana, mtihani angeurudia kimya kimya, na sifa zake zingebaki palepale. Wazo hilo lilimtia aibu kuliko yote.

Alirudi kwenye kompyuta. Chini ya kila ndoo aliandika jina la rangi kwa herufi nyeusi nene, na kila maandishi ya njano akayageuza meusi. Akazitazama slaidi zote kwa kijivu kwenye kioo kabla ya kuchapa hata moja. Slaidi za jalada, malengo na asante alizificha; huko ndiko kwa kuokoa. Ya ndoo aliichapa peke yake, ukurasa mzima, nyingine tatu kwa ukurasa zenye mistari ya kuandikia pembeni. Alama ya kuokoa wino akaiondoa. Kisha akaenda kwa bosi, akaweka kitini cha zamani mezani, akasema, "Hawakufeli wao. Nimefeli mimi."

Jioni, zamu ya usiku ilipoingia, aliwasimamisha wote pale pale, na wa mchana hawajaondoka, akawaeleza kila kitu. Mtihani ulirudiwa, ndoo zimechanganywa vibaya sana, na Mama Mdogo alionyesha nyekundu kabla swali halijaisha. Watu wakapiga makofi. Kazi ya ghorofa ya chini ilikuwa yake.

Msimamizi akamkaribia, akamshika mikono yote miwili mbele ya watu wote.

"Nisamehe, Mama Mdogo," alisema. "Mimi ni mwanao."

Mama Mdogo akatabasamu, tabasamu la adabu kabisa, akaichomoa mikono yake taratibu ili akachukue funguo za stoo.

"Hakuna neno, Mwalimu," alisema.