Mpira Mfupi wa Mzee Dereva

Maji yalipita kwenye dari langu mara ya tatu asubuhi moja nikiwa napiga pasi majoho ya kwaya. Tone la kwanza lilianguka kwenye kola. La pili likanipata shingoni. Nikayabeba majoho yote nikayatupa kitandani, nikapanda ngazi na pasi bado mkononi.

Juu yangu anakaa Mzee Dereva, mstaafu wa malori, magoti yake yamekwisha kwa kukanyaga klachi. Nilimkuta bafuni kasimama kwenye maji, katega ndoo zote alizonazo. Chini ya sinki la kunawia, ule mpira uliovikwa wavu wa chuma, unaopeleka maji kutoka ukutani hadi kwenye koki, ulikuwa umepasuka pale unapoingia kwenye nati. Koki ya kufungia ukutani ilikuwa imeganda kwa kutu. Ikabidi tufunge maji ya jengo zima, na jengo zima likatutukana.

Nakumbuka kila mpira uliowekwa pale. Wa kwanza ulipasuka msimamizi wa jengo alipokuwa bado ana adabu. Wa pili ulipasuka akasema ni bahati mbaya, na gauni la bibi harusi lililokuwa kwangu likatoka na doa la kahawia mgongoni. Nililishona upya usiku na mchana, na yule bibi harusi hanisalimii hadi leo. Sasa majoho. Kwaya iliniambia waziwazi: yakichelewa wanapeleka kazi kwingine, na kwaya ile ndiyo inayonilisha.

Kwa hiyo mchana, msimamizi alipokuja na fundi bomba tunayemwita Mapengo, mimi nilikuwa nimeshakaa mlangoni pa bafu kwenye kigoda.

"Leo hakuna mpira," nikasema. "Leo ni bomba gumu. La shaba. La plastiki. Lolote, mradi halipasuki."

Msimamizi alicheka puani. Mkononi alikuwa na boksi la mipira mipya, yote ya saizi moja, kama soseji.

"Dada, wewe ni fundi cherehani au fundi bomba?"

"Mimi ni fundi wa kulowa. Nimehitimu mara tatu."

Mzee Dereva akaguna kwenye kiti chake. Mapengo hakucheka. Alikuwa amelala chali chini ya sinki, tochi mdomoni, miguu yake imejaa korido yote.

"Fundi, mwambie," msimamizi akasema. "Mpira ni dakika chache. Shaba mpaka ikunjwe, ikatwe, ifungwe. Mimi nina vyumba vingine."

Mapengo akatoa tochi mdomoni. "Kufunga shaba naweza. Ni njia pana, maji yanatoka kwa nguvu, na haiozi haraka. Dada hajakosea." Nikamtazama msimamizi kwa raha. "Lakini ngoja kwanza. Mzee, hebu inuka kwenye kiti hicho kama unavyoinuka kila siku."

Mzee akakisogeza kiti karibu na sinki, akaweka viganja viwili kwenye ukingo, akajivuta. Sinki lilishuka mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Akasimama, likarudi nyuma, vumbi la plasta likamwagika kwenye kifua cha Mapengo.

"Umeona?" Mapengo akaniuliza.

Niliona, na sikutaka kuona.

"Shaba haipendi kuchezewa," akasema. "Nati inabana pete juu ya bomba, basi. Ukiitikisa asubuhi na jioni, pete inalegea, inaanza kuvuja taratibu ndani ya ukuta, hujui mpaka dari limevimba. Plastiki inayounganishwa kwa moto ingevumilia kidogo, lakini pale inapoungana na koki ni meno ya chuma ya kuskrubia, ndiyo yatakayoumia."

"Basi kaza sinki ukutani."

Akaishika skrubu ya sinki kwa vidole viwili. Akaivuta. Ikatoka na unga, kama jino bovu. Matofali ya mle ndani yalikuwa na matundu, na yameshabomoka. "Hapa pajengwe upya kwanza. Si leo."

Msimamizi akaweka boksi chini kwa kishindo. "Si nilisema? Mpira!"

Asubuhi nzima nilikuwa nimegonga milango, nimewaambia majirani tutakataa mipira jengo zima, na sasa nimekaa kwenye kigoda nikikodolea macho sinki linalocheza. Kuna hasira inayotaka kitu cha kupiga, na mbele yangu palikuwa na mzee mwenye magoti mabovu ambaye hana pengine pa kushika.

"Mimi nitashika nini, mwanangu?" akauliza, kana kwamba amesikia. "Ukininyima sinki nitaanguka."

"Hakuna anayekunyima, mzee."

Mapengo alichukua mpira mmoja kutoka kwenye boksi, akaupima kati ya ukuta na koki. Ulifika. Ulifika umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, hauna hata kidole cha nafasi.

Hapo kumbukumbu yangu ikaniuma. Nilimwona fundi wa mara ya kwanza akiukaza ule mpira hadi ukalia. Nikauona wa mara ya pili, ulikuwa mnyoofu vilevile.

"Msimamizi," nikasema, "mipira yote unayonunua ni mifupi hivi?"

"Mpira ni mpira."

"Sinki likishuka, unavutwa. Umevutwa miaka yote. Ndiyo maana unakatikia kwenye nati, kila mara palepale." Nikamgeukia Mapengo. "Au naongopa?"

"Huongopi. Mpira unatakiwa upinde kidogo, ucheze. Na hii nayo isikae hapa." Akavuta chupa ya dawa ya klorini iliyokuwa imefichwa nyuma ya bomba. "Mvuke wake unakula wavu wa chuma."

"Kwenye boksi hamna mrefu," akasema msimamizi.

"Basi nenda ukanunue," nikasema. "Na koki mpya ya kufungia. Na ukuta uandike kwenye kichwa chako, kwa sababu nitakukumbusha kila utakapopita mlangoni kwangu."

"Na nisipoenda?"

"Utamwambia mwenye jengo kwa nini hamna maji tangu asubuhi. Majirani wako ngazini, wanasubiri kukusaidia kueleza."

Alikwenda. Nilimsikia akitukanwa ghorofa hadi ghorofa.

Msimamizi aliporudi na mpira mrefu, Mapengo alilisafisha kwanza bomba la ukutani kwa kuachia maji kwenye ndoo, uchafu ukatoka mweusi. Akafunga koki mpya ya kufungia. Kichwa cha mpira akakikaza kwenye koki ya sinki kwa mkono tu, bila utepe wa kuzuia kuvuja, kwa kuwa kina pete yake ya raba. Nati ya chini akaizungusha kwa vidole hadi ikagoma, kisha spana kidogo, mkono wa pili ukiushika mpira usijinyonge. Ukakaa umepinda taratibu. Tukafungua maji. Mzee akajivuta, sinki likashuka, mpira ukafuata. Nikapitisha karatasi ya chooni kwenye nati. Kavu.

Nikashuka, nikatundika majoho. Nikakaa kwenye cherehani, nikapiga mshono mmoja. Juu kiti kikaburuzwa. Sinki likalia. Mguu wangu ukatoka kwenye pedali wenyewe.

Nikapanda tena. "Mzee, umeinuka?"

"Nimeinuka."

"Pakavu?"

"Pakavu! Sasa niache nikae."

"Kaa. Lakini ukitaka kuinuka, niite kwanza."

"Mwanangu," akasema nyuma ya mlango, "naenda haja ndogo mara nane kwa siku."

"Basi niite mara nane," nikasema, nikashuka kushona.